Maswali na majibu: Kreatini, kutoka sufuria ya supu hadi kopo la jimu

Shikamoo mwalimu. Kopo la kreatini ninalotumia lina picha ya fahali. Ni kweli kitu hiki kilitoka kwenye nyama? Na nani alikiona kwanza?
*Msomaji wa Arusha*

Marahaba. Ni kweli, na hasa kilitoka kwenye supu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikipata mjini Paris mwaka 1832 alipokuwa akichunguza mchuzi wa nyama uliokuwa ukitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Alipouchemsha hadi maji yakapungua, zikabaki fuwele ndogo zisizo na rangi, ambazo hazikuwa chumvi, mafuta wala protini. Akazipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama.

Kwa miaka 15 hivi iliyofuata, ugunduzi huo ulining'inia. Mkemia mkubwa wa wakati huo, Berzelius wa Sweden, alizitafuta fuwele hizo akazikosa, na wengine wakaanza kudhani Chevreul aliokota kitu kilichoingia kwenye mchuzi kwa bahati tu. Tatizo lilikuwa kiasi. Kilo nzima ya nyama mbichi ina gramu nne au tano tu za kreatini, na ukichemsha kwa pupa au ukatumia asidi, hata hizo zinageuka kuwa kitu kingine.

Aliyemaliza ubishi ni Mjerumani Justus von Liebig, katika maabara yake ya Giessen, mwaka 1847. Alitumia nyama nyingi kwelikweli. Aliikatakata, akaikamua kwa maji, akapasha maji yale moto ili protini igande aichuje, akaondoa fosfati kwa maji ya bariti, halafu akaacha kilichobaki kikauke polepole kwa moto mdogo. Fuwele zikatokea. Zilitokea kwenye nyama ya ng'ombe, ya farasi, ya kuku na ya samaki, na hapo ikawa wazi kwamba kreatini ni sehemu ya kawaida ya msuli wa mnyama.

Liebig alifanya jambo jingine ambalo hadi leo hukaririwa. Alilinganisha nyama ya mbweha waliouawa wakikimbizwa na wawindaji na nyama ya mbweha aliyekuwa amefungiwa Giessen kwa siku 200 akilishwa nyama. Akaandika kwamba mbweha wa porini walikuwa na kreatini mara kumi zaidi, akaamua kwamba kazi ya msuli ndiyo inayoirundika. Mimi siamini ile mara kumi. Kiasi cha kreatini katika msuli hakipandi wala kushuka kiasi hicho kwa sababu ya kulala au kukimbia, na njia ya kupima kwa kukusanya fuwele hupoteza nyingi njiani, leo hivi na kesho vingine. Lakini wazo lenyewe, kwamba kitu hiki kina uhusiano na kazi ya msuli, lilikuwa sahihi miaka 80 kabla ya mtu yeyote kuweza kulithibitisha.

Mimi ni mpishi. Nikichemsha supu ya nyama kwa saa nyingi hadi iwe nzito, si nitapata kreatini yote hiyo bila kununua kopo?
*Msomaji wa Mombasa*

Wazo lako ndilo lililojenga kiwanda kizima, dada. Liebig aliwaza kwamba ukichemsha nyama na kuukausha mchuzi wake hadi uwe rojo jeusi, utakuwa umekusanya nguvu ya nyama kwenye chupa ndogo. Tatizo lilikuwa gharama, kwani kilo moja ya rojo ilihitaji kilo 30 na zaidi za nyama, na nyama ya Ulaya ilikuwa ghali. Mhandisi Georg Giebert akampelekea jibu kutoka Uruguay, ambako ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya ngozi na mafuta huku nyama nyingi ikitupwa. Kiwanda kikajengwa Fray Bentos, kando ya Mto Uruguay, na mwaka 1865 kampuni ya rojo la nyama yenye jina la Liebig ikaandikishwa London.

Rojo lile liliuzwa kama chakula cha wagonjwa na wanajeshi. Wakemia wenzake walilipinga mapema, na walikuwa na haki. Protini ilikuwa imebaki kwenye nyama iliyochujwa, na mafuta yalikuwa yameondolewa makusudi ili chupa isioze. Kilichobaki ni chumvi, ladha, na vitu vidogo vidogo kama kreatini. Baada ya mabishano makali, Liebig mwenyewe alirudi nyuma kidogo, akasema rojo ni la kuchangamsha mwili na si badala ya nyama.

Sasa hesabu ya sufuria yako. Ili upate gramu 5 za kreatini, unahitaji takriban kilo moja na gramu mia moja za nyama ya ng'ombe isiyopikwa. Ukiichemsha, sehemu ya kreatini inaingia kwenye mchuzi, kwa hiyo anayekunywa supu na kula nyama hapotezi sana. Lakini kadiri moto unavyoendelea, na hasa ukitia ndimu au siki mapema, kreatini inapoteza maji na kujifunga kuwa kreatinini, ambayo msuli hauwezi kuitumia. Figo huitoa tu kwenye mkojo. Supu ya saa sita ni tamu, lakini kwa upande huu ni hafifu kuliko nyama ya kuchoma isiyoiva sana. Samaki nao wana kiasi kinachokaribiana na cha ng'ombe, kwa hiyo watu wa pwani hamko nyuma.

Assalamu alaykum. Kama asili yake ni nyama, nitajuaje kama iliyo kwenye kopo ni halali? Hawaandiki ni mnyama gani.
*Msomaji wa Unguja*

Waalaykumu salaam. Hawaandiki kwa sababu hakuna mnyama. Mwaka 1868 Mjerumani Adolph Strecker aliunganisha vitu viwili vya maabara, sarkosini na sianamidi, akapata kreatini ileile ya Chevreul. Viwanda vya leo bado vinafuata njia hiyo: chumvi ya sarkosini huchanganywa na sianamidi ndani ya maji, fuwele hujitenga, huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Kuikamua kutoka kwenye nyama kungekuwa hasara tupu.

Cha kuangalia ni mambo mawili. La kwanza ni ganda la vidonge vya kapsuli, ambalo mara nyingi ni jelatini ya mnyama. Unga wa kawaida hauna tatizo hilo. La pili ni usafi. Mchanganyiko ukisimamiwa vibaya huacha mabaki, hasa disiandiamidi, na kiwanda makini huyapima na kutoa cheti cha kila fungu. Kopo lisiloonyesha mtengenezaji wala namba ya fungu, mimi nisingelinunua.

Waliipata kwenye nyama, sawa. Lakini walijuaje inafanya kazi gani mwilini? Hapo ndipo vitabu vinaruka.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Vinaruka kwa sababu jibu lilichelewa sana. Kuanzia 1847 hadi 1927 kreatini ilionekana na wengi kuwa taka ya msuli, kitu kinachosubiri kugeuka kreatinini na kutolewa. Otto Folin, wa Chuo Kikuu cha Harvard, ndiye aliyetia shaka. Kwanza aligundua kwamba kila mtu asiyekula nyama hutoa karibu kiasi kilekile cha kreatinini kwenye mkojo kila siku, ale protini nyingi au kidogo. Kisha, kati ya 1912 na 1914, yeye na Willey Denis waliwalisha paka kreatini wakaona misuli yao imeihifadhi. Mwili hauhifadhi taka. Lakini Folin hakuweza kusema inahifadhiwa kwa ajili ya nini.

Jibu lilitoka kwenye rangi iliyochelewa. Hapo Harvard alikuwepo Cyrus Fiske na mwanafunzi wake kutoka India, Yellapragada SubbaRow. Walikuwa wametengeneza njia ya kupima fosfati ambayo maabara bado zinaijua kwa majina yao. Unachukua sampuli, unatia asidi na molibdeti, halafu kemikali ya kupunguza oksijeni, na maji yanageuka buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo fosfati ilivyo nyingi. Kwenye damu na mkojo njia ilifanya kazi vizuri. Kwenye maji yaliyochujwa kutoka msuli mbichi, buluu ilianza hafifu, ikaendelea kukolea polepole muda mrefu baada ya wakati wake.

Fundi mwenye haraka angesubiri rangi itulie, aandike namba ya mwisho, aendelee. Hawa wawili walijiuliza fosfati hiyo ya kuchelewa inatoka wapi. Lazima ilikuwa imefungwa kwenye kitu dhaifu kinachovunjika ndani ya asidi ile ile ya kipimo, wakiwa wanakitazama. Walipokitenga, kila fosfati moja iliyoachiliwa ilifuatana na kreatini moja. Ilikuwa fosfokreatini. Na walipochochea msuli wa paka kwa umeme, fosfokreatini ilipungua. Walipouacha upumzike, ikarudi. Wakatangaza mwaka 1927. Mwaka huohuo, London, mume na mke Philip na Grace Eggleton walikuwa wameona kitu hichohicho kwenye misuli ya chura, ingawa hawakuwa wamejua kwamba ndani yake mna kreatini. Tangu Liebig, kila aliyepima alitumia asidi au moto, na kitu kilichotafutwa kilikuwa kikivunjwa na kipimo chenyewe.

Bado kulikuwa na kigingi. Vitabu vilifundisha kwamba msuli hujikunja kwa nguvu inayotokana na kutengenezwa kwa asidi laktiki, na Archibald Hill na Otto Meyerhof walikuwa na tuzo ya Nobel ya 1922 kwa kazi iliyozunguka jambo hilo. Einar Lundsgaard wa Copenhagen alikuwa akichunguza sumu iitwayo asidi ya iodoasetiki. Akaona wanyama waliodungwa sumu hiyo wanakufa wakikakamaa, lakini misuli yao haina asidi laktiki ya kuonekana. Akachukua misuli ya chura iliyotiwa sumu na kuichochea. Ilijikunja mara kadhaa kama kawaida, bila asidi laktiki, huku fosfokreatini ikiteremka. Ilipokwisha, msuli ukakakamaa na kugoma. Mwaka 1930 akachapisha. Meyerhof alilirudia jaribio akakubali, na Hill naye akaandika waziwazi kwamba fundisho la awali limepinduliwa. Napenda sana ukweli huo, kwa kuwa wawili hao ndio waliokuwa na cha kupoteza.

Kipande cha mwisho aliweka Karl Lohmann mwaka 1934. Alionyesha kwamba fosfokreatini haivunjiki peke yake kwenye majimaji ya msuli. Inasubiri ATP, molekuli inayoupa msuli nguvu moja kwa moja, iwe imetumika, kisha inaikabidhi fosfati yake ili ATP irudi. ATP ni chenji iliyo mfukoni mwa konda, inatoka papo hapo. Fosfokreatini ni kibunda alicho nacho dereva cha kumjazia konda chenji kabla abiria hawajalalamika. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, kibunda hicho kinakutosha sekunde kumi hivi, na ukisimama kinajazwa tena ndani ya dakika chache.

Kama kazi yake ilijulikana miaka ya thelathini, mbona wanamichezo walianza kuitumia miaka ya tisini? Nani alikuwa amelala?
*Msomaji wa Nakuru*

Hakuna aliyelala, ndugu yangu. Kilichokosekana ni njia ya kuingia ndani ya msuli wa mtu aliye hai.

Tazama kazi ya Alfred Chanutin huko Illinois, mwaka 1926. Aliwapa watu gramu 10 za kreatini kwa siku na kupima mkojo wao. Siku za mwanzo sehemu kubwa ya ile waliyokula haikutoka. Baada ya muda ikaanza kutoka kwa wingi, huku kreatinini ikipanda kidogo tu. Maana yake mwili ulikuwa umejaza ghala, halafu ghala likajaa. Hitimisho hilo ni sahihi kabisa. Lakini Chanutin aliona mkojo peke yake. Hakuweza kusema ghala liko wapi, limejaa kwa kiasi gani, wala kama mtu anapata nguvu zaidi.

Mlango ulifunguliwa Sweden. Miaka ya sitini Jonas Bergström alianza kutumia sindano nene yenye kisu ndani yake, ambayo huingia kwenye paja lililotiwa ganzi na kutoka na kipande kidogo cha msuli. Yeye na Eric Hultman wakakigandisha kipande hicho mara moja ili fosfokreatini isivunjike, na mwaka 1967 wakaonyesha kwa binadamu kile ambacho Fiske na SubbaRow walikiona kwa paka. Kisha ikachukua miaka mingi ya kupima watu wa kawaida ili ijulikane msuli una kiasi gani. Mwaka 1974 Roger Harris, Hultman na mwenzao walitoa kipimo cha kawaida: takriban milimoli 125 kwa kilo ya msuli uliokaushwa, ukijumlisha iliyo huru na iliyobeba fosfati. Bila namba hiyo, huwezi kusema umeongeza chochote.

Ndipo tukafika kwenye makala ya 1992 ya Harris, Karin Söderlund na Hultman, ambayo naona ndiyo chanzo cha kila kopo unaloliona dukani. Naomba tukae nayo kidogo.

Walianza na damu. Mtu akinywa gramu 1 ya kreatini, damu yake hubadilika kidogo mno. Akinywa gramu 5, kiwango hupanda sana ndani ya saa moja, halafu hushuka saa chache baadaye. Kwa hiyo wakaamua kutoa gramu 5, mara nne hadi sita kwa siku, ili damu ibaki imejaa mchana kutwa. Hapo ndipo ulipotoka ule utaratibu wa gramu 20 kwa siku ambao watu hukariri bila kujua sababu yake. Ilitokana na mwendo wa damu, si na ukubwa wa kijiko.

Watu walikuwa 17. Sindano iliingia pajani kabla na baada. Matokeo yalitofautiana kwa namna iliyo na maana: walioanza na kiwango cha chini walipanda sana, wengine hadi karibu nusu ya walichokuwa nacho, na walioanza wakiwa karibu na 150 hawakupanda karibu chochote. Kuna kikomo, na mtu anayekula nyama na samaki kila siku yuko karibu nacho kuliko asiyekula. Kwenye mkojo nako kuliandikwa hadithi ya Chanutin kwa undani: siku ya kwanza zaidi ya nusu ya dozi ilibaki mwilini, na kufikia siku ya tatu karibu theluthi mbili ilikuwa ikitoka. Ghala hujaa katika siku mbili tatu za mwanzo.

Jaribio zuri zaidi kwenye makala hiyo lilikuwa la mguu mmoja. Baadhi yao walipiga baiskeli saa moja kwa siku kwa mguu mmoja tu, mwingine ukipumzika. Damu ile ile, kreatini ile ile, mtu yule yule. Wastani wa kuanzia ulikuwa 118. Mguu uliopumzika ukafika 148, na uliofanya kazi ukafika 162. Hakuna haja ya kulinganisha mtu na mtu wala kubishana kuhusu chakula cha nyumbani, kwa sababu kila mtu alikuwa mizani yake mwenyewe. Na, kwa namna fulani, mbweha wa Liebig akapata utetezi kidogo: kazi ya msuli kweli huvuta kreatini ndani, japo si mara kumi.

Makala ile haikupima kama mtu anakuwa na nguvu. Hilo lilikuja mwaka uliofuata, Paul Greenhaff na wenzake huko Nottingham walipowapa watu gramu 20 kwa siku tano na kuwafanya wanyooshe goti kwa nguvu zote mara 30, wapumzike dakika moja, warudie raundi tano. Waliotumia kreatini walichoka polepole kidogo kuliko wenzao kwenye raundi za kati na za mwisho. Faida iko kwenye kurudia, pale ambapo kibunda hakijapata muda wa kujazwa upya vya kutosha.

Nakimbia nusu marathoni na mbio za nyika. Kocha wa jimu ananisukuma nitumie. Itanisaidia kwenye mbio?
*Msomaji wa Eldoret*

Kwenye mbio zenyewe, hapana, na huenda ikakurudisha nyuma. Paul Balsom na wenzake wa Stockholm walilijaribu hilo mwaka 1993 kwa wakimbiaji wa njia ya msituni ya kilomita 6. Kundi lililokunywa kreatini lilichelewa kuliko muda wake wa awali, na uzito ulikuwa umeongezeka. Kreatini huingia msulini na maji, na wiki ya kwanza ya dozi kubwa mtu anaweza kuongeza kilo moja hata mbili. Mbeba vyuma hajali. Anayepandisha milima ya Iten anaibeba kila kilo hiyo kwa kila hatua, na nguvu yake inatokana na oksijeni, si na fosfokreatini. Kama una kipindi cha mazoezi ya vyuma mbali na msimu wa mashindano, hapo kuna hoja ya kujadili na kocha.

Ilifikaje kwa mabingwa haraka hivyo? Makala 1992, na Olimpiki ya Barcelona 1992. Na si dawa ya kuongeza nguvu hiyo?
*Msomaji wa Dar es Salaam*

Watafiti na makocha wa Uingereza walikuwa wakifahamiana, na Harris mwenyewe alifanya kazi Newmarket, kwenye utafiti wa afya ya farasi wa mashindano. Kabla makala haijasomwa na wengi, habari zilikuwa zimeshapita. Agosti 1992 gazeti la *The Times* la London liliandika kwamba Linford Christie, aliyeshinda dhahabu ya mita 100, alikuwa ametumia kreatini, na jarida la *Bodybuilding Monthly* likamtaja pia Sally Gunnell, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi. Mwaka uliofuata kampuni za Marekani zikaanza kuiuza kwa umma.

Haikuwa imekatazwa wakati ule na haijakatazwa na shirika la WADA mpaka leo. Ni vigumu kukataza kitu ambacho ini na figo za kila mtu hukitengeneza na kila anayekula samaki hukila. Hatari ya mwanamichezo iko kwenye kopo lenye mchanganyiko wa vitu vingine, au lililochafuliwa kiwandani na kitu kilichokatazwa.

Soko lilipofunguka, dozi ikawa kama mashindano. Ndiyo maana napenda watu waijue kazi ya Hultman ya 1996. Aliwagawa wanaume: baadhi wakapata gramu 20 kwa siku 6, kisha gramu 2 kwa siku, wengine wakapata gramu 3 tu kwa siku kwa siku 28. Makundi yote mawili yalifika karibu kiwango kilekile, ongezeko la takriban asilimia 20. Dozi kubwa inakufikisha mapema, haikufikishi mbali zaidi. Na aliyeacha alirudi alikoanzia baada ya mwezi hivi.

Nimetumia miezi minne. Nimepima, daktari anasema kreatinini iko juu na figo zinaweza kuwa na shida. Mke wangu ameficha kopo. Nani yuko sahihi?
*Msomaji wa Mwanza*

Mke wako amefanya vizuri kwa sasa, kaka, na daktari naye hajakosea. Ila kipimo chenyewe kina historia unayopaswa kuijua.

Mwaka 1886 Max Jaffé aligundua kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki hutoa rangi ya chungwa, na Folin, yule wa paka, ndiye aliyeigeuza rangi hiyo kuwa kipimo mwaka 1904. Maabara nyingi bado hutumia njia hiyo. Inatazama kreatinini kwenye damu na kudhani kwamba ikiwa nyingi, figo zinachuja kidogo. Dhana hiyo inafaa kwa mtu ambaye kreatini yake haijabadilika. Wewe umeijaza misuli yako, na kila siku karibu asilimia 2 ya ghala hilo hugeuka kreatinini. Ghala likiwa kubwa, kreatinini inapanda hata figo zikiwa nzima. Ukiwa umefanya mazoezi makali au kula nyama nyingi siku moja kabla, inapanda zaidi.

Hofu ya figo ilienea baada ya barua iliyochapishwa kwenye *The Lancet* mwaka 1998, kuhusu kijana wa miaka 25 ambaye figo zake zilizorota alipotumia kreatini na kupata nafuu alipoacha. Wengi waliipokea bila kusoma kwamba kijana huyo alikuwa na ugonjwa wa figo kwa miaka na yuko kwenye dawa kali. Wabelgiji Jacques Poortmans na Marc Francaux walipowapima watu wenye figo nzima, hata waliotumia kwa miaka, hawakukuta uharibifu. Jambo la namna hiyo lilitokea pia mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walipokufa wakijipunguza uzito. Kreatini ilitajwa mara moja. Uchunguzi ulionyesha walikuwa wakijikausha maji kwenye vyumba vya joto wakiwa na nguo za mpira, na hicho ndicho kilichowaua.

Lakini kesi ya yule kijana haifutiki. Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kutumia bila daktari wake, na wewe bado hujui uko upande gani. Mwambie daktari waziwazi kwamba umekuwa ukitumia, gramu ngapi, tangu lini. Acha kwa wiki nne hadi sita, usifanye mazoezi makali siku mbili kabla ya kupima tena, na uliza kama hospitali inaweza kupima sistatini C, ambayo haitokani na kreatini na kwa hiyo haidanganywi na ghala la misuli. Omba pia mkojo uangaliwe kama una protini. Sistatini C ikiwa sawa na mkojo hauna protini, kopo linaweza kutoka mafichoni. Kimoja kati ya hivyo kikiwa kibaya, figo zako zinahitaji uchunguzi ambao ungehitajika hata kama hujawahi kuonja kreatini.